Tuwafundishe Kutaja Chanzo Kabla Hawajaanza Kuandika

Walimu wenzangu, tuna mazoea ya kuliacha suala la vyanzo hadi mwisho wa mradi. Kazi ikishaandikwa ndipo tunapowaambia wanafunzi waongeze ukurasa wa marejeo. Mwanafunzi hurudi kwenye daftari lake, akakuta aya nzuri asizojua tena zipi ni zake na zipi alizinakili kitabuni. Tunamwita mwizi wa kazi za watu, ilhali kosa lilizaliwa siku alipochukua dondoo bila kuweka alama. Basi somo hili lihamie mwanzoni, lipewe vipindi viwili vya dakika 40 kabla sentensi ya kwanza ya mradi haijaandikwa.

Tuchukue mradi wa Kidato cha Pili kuhusu sababu za Vita vya Majimaji. Katika kipindi cha kwanza, mwalimu aandike ubaoni kifungu alichokitunga mwenyewe: "Mnamo Julai 1905, wakulima wa Umatumbi waling'oa mipamba katika shamba walilolazimishwa kulima huko Nandete. Kitendo hicho kilianzisha vita vilivyoenea sehemu kubwa ya kusini." Kila mwanafunzi apige mistari, apate safu tatu: chanzo na ukurasa, dondoo, na alama. Herufi N iwe ya maneno yaleyale ya mwandishi, yaliyofungwa kwa alama za mtajo. W iwe ya wazo la mwandishi kwa maneno ya mwanafunzi. Y iwe ya maoni au swali lake mwenyewe. Kisha kifungu kifunikwe, wanafunzi waandike walichoelewa, nacho kifunuliwe walinganishe.

Hapo ndipo kosa kubwa litakapoonekana. Yupo atakayeandika: "Mwezi wa Julai 1905, wakulima wa Umatumbi waliing'oa mipamba kwenye shamba walilolazimishwa kulima kule Nandete." Amebadili maneno mawili matatu, lakini sentensi bado ni ya mwalimu, hawezi kuitia alama ya W. Mwingine ataandika: "Kulimishwa pamba kwa nguvu kuliwachosha watu wa Nandete, wakaanza kupinga kwa kuing'oa." Huyu amelichukua wazo akalijenga upya. Hata hivyo mwambieni wazi kwamba bado anadaiwa: habari aliipata kwa mwalimu, na chanzo lazima akitaje. Tena neno "kuliwachosha" halimo katika kifungu. Ikiwa ni dhana yake, sehemu hiyo ni Y, na msomaji ana haki ya kulijua hilo.

Kipindi cha pili kiwe cha vyanzo visivyofanana. Wengi hudhani kinachotajwa ni kitabu tu. Mzee aliyewasimulia aliyoyasikia kwa babu yake ni chanzo: aulizwe kama anaridhia kutajwa, kisha jina lake, mahali na tarehe ya mazungumzo viandikwe. Maelezo yaliyobandikwa katika Makumbusho ya Majimaji huko Songea nayo ni chanzo. Kwa habari ya intaneti, atajwe mwandishi au taasisi, kichwa cha habari, tovuti na siku iliyosomwa. Kuandika "Google" tu ni kutaja njia uliyopitia, si mtu aliyekupa habari.

Hapo hapo wapewe tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, waulizwe kama yanayosemwa na wahusika wake ni ushahidi wa yaliyotendeka mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliishi kweli, lakini mazungumzo ya jukwaani ni kazi ya msanii. Mwanafunzi anaweza kuyanukuu ili aonyeshe jinsi vita vilivyokumbukwa baadaye. Akiyaleta kama maneno ya Kinjikitile mwenyewe, atakuwa amekitaja chanzo na bado amempotosha msomaji.

Wala tusiwatie hofu hadi wataje chanzo kwa kila sentensi. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni jambo linalojulikana na wote. Idadi ya waliokufa vitani, au dai kwamba pamba ndiyo iliyokuwa sababu kuu, hutajiwa chanzo, maana wanahistoria wenyewe hupishana.

Dakika 10 za mwisho wabadilishane madaftari. Kila mmoja achague dondoo moja ya mwenzake, akaitafute kwenye chanzo kilichotajwa. Akiikosa ukurasani, dondoo irudi kwa mwenyewe. Jaribio hili litawafichua pia wanaotaja vitabu wasivyovifungua, wakiwa wameviona tu katika marejeo ya kitabu kingine.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwandishi wa kitabu na mzee wa kijijini wote wana haki hiyo. Basi sehemu ya alama za mradi itolewe kwa daftari la dondoo, likusanywe na kusahihishwa wiki ya pili, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa.