Uganda: Bando nafuu la mitandao ya kijamii na mipaka yake

Katika vibanda vya kuuza vocha mjini Kampala, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi jirani, bando la mitandao ya kijamii huuzwa kwa bei ya chini kuliko bando la kawaida la intaneti. Mnunuzi hupata WhatsApp na programu nyingine chache kwa siku moja au wiki moja. Zipo pia programu ambazo kampuni ya simu huziruhusu bila kutoza chochote. Unafuu huo ni wa kweli, lakini unamfikisha mteja mahali maalumu tu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme shilingi 500 za Uganda zinanunua megabaiti 100 za matumizi yote, au megabaiti 250 za mitandao ya kijamii pekee. Megabaiti moja inagharimu shilingi 5 katika bando la kwanza na shilingi 2 katika la pili. Kampuni haipotezi sana, kwa sababu ujumbe wa maandishi na sauti ni mwepesi, muda wa bando ni mfupi, na mara nyingi simu za video huachwa nje ya masharti.

Gharama huonekana pale rafiki anapotuma kiungo cha habari. Kichwa cha habari na picha yake vinaonekana ndani ya WhatsApp, lakini ukurasa wenyewe uko kwenye tovuti nyingine. Mteja akiubofya, ama haufunguki, ama unakatwa kwenye salio lake kwa bei ya nje ya bando, ambayo ni kubwa zaidi. Basi husoma kichwa, akakiamini au akakisambaza, asipate namna ya kuhakiki yaliyomo. Hapo ndipo suala la bei linapogeuka kuwa suala la haki ya kupata habari.

Ili kutoza bei tofauti, ni lazima kampuni itambue kila mteja anatumia programu gani. Mitambo yake huangalia anwani ambayo simu inaiendea, pamoja na jina la tovuti ambalo kwa kawaida simu hulitaja waziwazi inapoanza mawasiliano, hata kama ujumbe wenyewe umefichwa. Uwezo huo wa kutenganisha ukishakuwapo, unaweza kutumika kwa makusudi mengine.

Uganda ilithibitisha hilo tarehe 1 Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na huduma za aina hiyo. Kodi ilikusanywa kupitia kampuni za simu, na aliyenunua bando bila kulipa kodi alizikuta programu hizo zimefungwa. Kwa mnunuzi wa bando la shilingi 500, nyongeza hiyo ilikuwa sawa na asilimia 40.

Wengi walikimbilia VPN, ambayo hupitisha mawasiliano kwenye njia iliyofichwa. Kampuni haikuweza tena kutambua WhatsApp, hivyo kodi ilikwepwa. Hata hivyo, ukwepaji huo nao ulikuwa na bei yake: mtambo usioitambua WhatsApp hauwezi pia kuipa bei ya bando la kijamii. Kila megabaiti ilihesabiwa kama matumizi ya kawaida.

Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na kuanzia Julai mahali pake pakachukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti, isipokuwa ile ya huduma za afya na elimu. Ushuru huo unaongeza bei, ila haubagui kati ya WhatsApp na tovuti ya gazeti. Lakini Januari mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi mkuu, Facebook ilikuwa imefungwa, na ilibaki imefungwa hata baada ya intaneti kurejeshwa. Aliyetaka kuifikia alihitaji VPN, na VPN inahitaji bando la kawaida.

Nchi nyingine zilichagua njia tofauti. India ilipiga marufuku bei za kibaguzi za data tarehe 8 Februari 2016, uamuzi uliofunga mlango kwa Free Basics ya Facebook. Septemba 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mipango ya kutotoza baadhi ya programu inakiuka kanuni ya intaneti huria.

Marufuku peke yake, hata hivyo, haimpi mtu wa kipato kidogo megabaiti anazozihitaji. Mwenye shilingi 500 akiondolewa bando la kijamii bila bando la kawaida kushuka bei, atabaki na WhatsApp kidogo zaidi, na tovuti ya gazeti itakuwa bado mbali naye. Kwa hiyo kipimo cha sera yoyote kiko kwenye ile tofauti ya shilingi 2 na shilingi 5: kadiri inavyopungua, ndivyo msomaji anavyoweza kukifungua kiungo alichotumiwa.