Chekini ya intaneti haimalizi kazi kwa familia inayokwenda Umra



Siku hizi kila anayesafiri huambiwa, "Fanya chekini kwenye simu, kaunta ya nini tena?" Kwa mfanyabiashara anayekwenda Nairobi na begi la mkononi, sawa. Lakini kwa familia inayotoka hapa Ndera kwenda Jeddah kupitia Addis Ababa, mimi siafiki.

Sababu ni hii: abiria akikataliwa na uhamiaji huko aendako, shirika la ndege ndilo linalomrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Kwa hiyo mtumishi wa shirika hutaka kuiona pasipoti kwa macho yake: jina lilingane na tiketi, muda uliobaki utoshe (mara nyingi miezi 6), na viza iwe ya pasipoti ile ile. Simu hupokea namba tu. Ndiyo maana wengi hufika mwisho wa chekini wakapewa uthibitisho, si pasi ya kupandia ndege. Tofauti utaijua kwa ile alama inayosomwa na mashine. Kama haipo, hujamaliza.

Tuchukue baba, mama, mtoto wa miaka 6 na kichanga wa miezi 9, na mabegi matatu. Chekini ya intaneti kwa kawaida hufunguliwa saa 24 au 48 kabla ya safari. Waingie kwa herufi 6 za buking na jina la ukoo, wachague viti vya pamoja. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, wasiiache. Kichanga aliye chini ya miaka 2 hana kiti, hupakatwa, na lazima awemo kwenye buking ya mzazi. Hapo mtandao hukwama mara nyingi na kuwaelekeza kaunta.

Mabegi nayo hayapiti kwenye simu. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, hata kwa aliyekwisha kufanya chekini nyumbani. Sisi wa Ndera hujidanganya kwa kuwa Kanombe ni jirani, tukasahau kwamba kule langoni watu hushuka garini na mizigo hukaguliwa kwa mbwa. Fika saa tatu kabla. Begi likipimwa, soma karatasi inayofungwa mkononi mwake: iandikwe JED. Ikiishia ADD, labda kwa sababu tiketi zilinunuliwa mbalimbali, uliza hapo hapo kabla halijaondoka.

Wakati wa kurudi, kaunta ya Jeddah ndiyo haikwepeki kabisa kwa mwenye Zamzam. Maji hayaruhusiwi ndani ya sanduku. Hupokelewa peke yake, katika chupa ya lita 5 iliyofungwa kiwandani. Anayeyaficha katikati ya nguo huitwa akafungue sanduku, na watoto wamesimama wanamngoja.