Pesa yako ikirudi kama salio la duka, bado ni yako?

Ununuzi kwa simu umefika vijijini, na malalamiko nayo yamefuata. Mengi yanaanza na ujumbe mmoja: "Tumekurejeshea shilingi 4,500." Swali ni zimerudi wapi.

Tuchukue mfano wa mkulima aliyeagiza bomba la kupulizia dawa ili kupambana na viwavijeshi shambani. Amelipa kwa M-Pesa shilingi 4,500 na nyingine 300 za usafiri. Bomba limefika linavuja. Duka linampa chaguo mbili: 4,500 zirudi kwenye simu yake, au apewe salio la duka la 4,700, litumike ndani ya siku 90.

Salio linaonekana kubwa zaidi. Lakini tofauti yake na pesa ni kama ile ya muda wa maongezi na pesa iliyo kwenye M-Pesa: huwezi kulipia karo kwa muda wa maongezi. Pesa ikirudi kwenye simu, mkulima ataenda duka la pembejeo sokoni na kununua bomba leo. Akichukua salio, lazima anunue kwa muuzaji yule yule, kwa bei yake, na alipe tena 300 za usafiri. Ile nyongeza ya 200 imeshakwisha. Na kama mabomba yameisha kwenye ghala lao, viwavi havitamsubiri.

Kuna hatari kubwa zaidi. Salio la duka ni deni ambalo duka linakudai subira. Mei 2024, kampuni ya Copia, iliyouzia watu wa vijijini Kenya kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi kwa kukosa fedha. Kampuni yoyote ikifikia hapo, mwenye salio huwa mmoja wa wanaoidai, na kwa kawaida hupanga foleni nyuma ya wakopeshaji wenye dhamana. Pesa iliyokwisha kurudi kwenye simu yako haiingii foleni hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza "Nakubali", soma neno lililotumika. Ukiona "salio", "vocha" au "pointi", hiyo si pesa. Wajibu kwa maandishi kwamba unataka pesa irudi kwenye namba iliyolipa, na uwatumie namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo. Kama ulilipa kwa simu ya jirani, itarudi kwa jirani, basi mjulishe mapema. Usimpe mtu namba yako ya siri. Pesa inayoingia haiihitaji.

Salio lina nafasi yake: duka unalitumia kila mwezi, na kitu unachokitaka kipo. Pia ukirudisha kitu kizima kwa kubadili mawazo tu, huenda kanuni za duka zikakupa salio peke yake. Zisome kabla ya kulipa.