Pumzi Huhesabiwa Kabla Mtoto Hajabebwa

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapobisha hodi nyumbani kwa mzazi, sisi akina baba hubaki barazani tukidhani amekuja kutoa pongezi tu. Juma hili tuliketi na mmoja wao hapa Nangurukuru, naye akatueleza anayoyatazama, kwa mfano wa kichanga wa siku tatu aliyemtembelea.

Alimkuta amelala, na bibi akataka kumwinua ili mgeni ambebe. Mhudumu akamsihi amwache. Akafunua nguo kifuani, akashika saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kichanga hupumua kwa kusitasita, hivyo kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hupotosha. Na akilia, pumzi huenda mbio hata akiwa mzima. Alipata 68. Kwa kuwa zilifika 60, alingoja kidogo akahesabu tena, akapata 64. Hesabu ya pili ikifika 60 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari, hata kama mtoto hana homa.

Ndipo akaendelea. Alitazama kama kifua kinabonyea kwa ndani mtoto avutapo pumzi, akamwomba mama anyonyeshe, akaweka kipimajoto kwapani. Joto la 37.5 na zaidi, au lililo chini ya 35.5, ni hatari vilevile. Kichanga mgonjwa aweza kupoa badala ya kuchemka. Akakagua kitovu asione wekundu wala usaha, na viganja na nyayo asione umanjano. Mwisho alipima wayo, toka kisigino hadi ncha ya kidole gumba. Kipimo hiki kilifanyiwa utafiti huku kwetu kusini mwa Tanzania, kwa kuwa nyumba nyingi hazina mizani: wayo usiofika sentimita 8 huashiria mtoto mdogo anayehitaji uangalizi zaidi.

Yote yalikuwa salama isipokuwa pumzi. Bibi akasema, "Mwanangu, mtoto mbona ananyonya? Na arobaini bado." Mhudumu akajibu kwa upole, "Bibi, dalili moja yatosha. Kunyonya kwake leo hakutuhakikishii kesho."

Hapo nasi tuna la kusema. Nifasi inahusu sala na saumu ya mama. Haimfungii ndani mtoto mgonjwa. Baba alikubali, na safari ya Hospitali ya Kinyonga, Kivinje, ikaanza saa ile ile. Mama alimweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa kanga na kumnyonyesha njiani asipoe. Alitibiwa, akarejea nyumbani.

Ziara huwa siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. Siku ya saba nyumba hujaa wageni wa akika. Basi mhudumu atangulie chumbani, na mtoto asipitishwe mikononi mwa watu kabla pumzi zake hazijahesabiwa.