SHAURI LA MKULIMA: Suke Lililopauka Kabla ya Wakati

Mkulima aonapo masuke meupe katikati ya shamba lililo bado kijani, asidhani upesi kwamba ngano imeanza kukomaa. Huenda ni ugonjwa wa masuke uletwao na kuvu iitwayo fuzariamu.

Tuseme mtu wa upande wa Njoro amepanda ngano mahali palipovunwa mahindi, na mabua yamebaki juu ya ardhi. Kuvu hii hukaa katika mabua hayo. Ngano ikichanua wakati wa mvua na joto, mbegu za kuvu huchukuliwa na upepo na matone ya mvua mpaka kwenye maua. Basi majuma mawili au matatu baada ya kuchanua, na aingie shambani, asimame mahali kumi mbalimbali, na kila mahali atazame masuke kumi. Hivyo ataona katika kila masuke 100 ni mangapi yameugua.

Dalili ya kwanza ni hii: vifuko vichache vya punje vimepauka kama majani makavu, na vingine vya suke lile lile vingali kijani. Mara nyingi sehemu yote ya juu ya suke hupauka, kwa sababu kuvu imeziba uti wake na maji hayapiti. Lakini bua chini ya suke ni kijani. Kama suke zima ni jeupe, na mmea wang'oka kwa urahisi ukiwa na mizizi myeusi, huo ni ugonjwa wa mizizi, si huu.

Dalili ya pili ni kuvu yenye rangi ya waridi au ya chungwa, iliyo chini ya makapi. Hutazamwa vizuri asubuhi kungali na umande. Isipoonekana, tia masuke machache katika chupa pamoja na kitambaa kibichi, ufunike kwa siku mbili au tatu. Kuvu ikiwamo, kwa kawaida itatokea.

Katika shayiri yataka macho zaidi. Ugonjwa hauenei upesi katika uti wa suke, basi vifuko vilivyougua huwa kimoja hapa, kimoja pale, na mara nyingi ni vya hudhurungi kuliko vyeupe. Magonjwa mengine hufanana na huo, kwa hiyo rangi ya waridi ndiyo shahidi.

Masuke yakisha kupauka, kupiga dawa hakufai tena. Wakati wake ni ngano inapoanza kuchanua. Lililobaki ni kuvuna shamba hilo mbali na jingine na kukausha upesi. Punje zilizosinyaa, nyeupe kama chokaa au zenye waridi, zina sumu ambayo kupika hakuiondoi. Kupepeta huondoa nyingi zilizo nyepesi, lakini si zote. Usiwape nguruwe: watakataa chakula, au watatapika.