Duka likiungua, orodha ndiyo inayolipwa

MFANYABIASHARA mwenye bima anapounguliwa na duka, jambo la kwanza analofikiria ni kwamba kampuni ya bima itamlipa. Wengi hugundua baadaye kuwa kampuni hailipi majivu. Inalipa kile ambacho mwenye duka ameweza kuonyesha kwa maandishi.

Kosa la kwanza ni kuchelewa. Mwenye duka hukaa wiki nzima akihesabu hasara ndipo aandike barua, wakati masharti ya bima ya moto hudai taarifa itolewe mara moja. Taarifa na orodha ni karatasi mbili tofauti, na taarifa haipaswi kuisubiri orodha. Barua ya siku ya kwanza inaweza kuwa fupi, kwa mfano:

“Bima Na. (namba). Nawaarifu kuwa duka langu la pembejeo liliungua usiku wa kuamkia Agosti 18, majira ya saa 8. Moto uligunduliwa na mlinzi wa duka la jirani, na Zimamoto waliitwa. Chanzo bado hakijajulikana. Mabaki hayajaondolewa. Naomba mumtume mkadiriaji wa hasara. Orodha ya mali itafuata.”

Barua hiyo haibahatishi chanzo. Mwenye duka akiandika kuwa ni hitilafu ya umeme, kisha uchunguzi ukaonyesha vingine, maneno yake mwenyewe yatatumika kumhoji. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, na mabaki yalindwe mpaka mkadiriaji ayaone.

Kazi kubwa ni orodha. Kila bidhaa iandikwe kwa aina, ujazo, idadi, bei ya kununulia na namba ya ankara. Bei ya kuuzia haitakiwi, kwa sababu bima ya mali hailipi faida ambayo haijapatikana. Bidhaa zitenganishwe katika mafungu matatu: zilizoteketea, zilizoharibika na zilizosalimika. Mbolea iliyolowa maji ya Zimamoto nayo ni hasara ya moto, hivyo isiachwe nje. Mali kauli, yaani bidhaa za mtu mwingine zilizowekwa dukani ziuzwe, ziorodheshwe peke yake, kwani hulipwa tu iwapo bima inazitaja.

Swali gumu huwa ni hili: nani anajua kulikuwa na nini dukani usiku ule? Mkadiriaji hujibu kwa hesabu. Mfano ni duka ambalo Juni 30 lilihesabiwa kuwa na mali ya Sh9.2 milioni. Baada ya hapo liliingiza mali ya Sh6.4 milioni. Liliuza kwa Sh7.2 milioni, likiwa limeongeza asilimia 20 juu ya bei ya kununulia, hivyo mali iliyotoka iligharimu Sh6 milioni. Usiku wa moto kulikuwa na mali ya Sh9.6 milioni. Ikiwa iliyosalimika ina thamani ya Sh600,000, hasara ni Sh9 milioni. Orodha inayodai Sh14 milioni haitapita, na udanganyifu ukithibitika unaweza kufuta madai yote.

Kama madaftari nayo yameungua, ankara zitafutwe kwa wauzaji wa jumla, pamoja na taarifa za benki na za malipo ya simu. Aliyekuwa akipeleka daftari nyumbani kila jioni ataokoa wiki nyingi za kuhangaika.

Hata orodha sahihi haimpi mfanyabiashara fedha zote endapo alikata bima ndogo kuliko mali yake. Duka hilo la mfano likiwa na bima ya Sh6.4 milioni tu, limekinga theluthi mbili ya mali. Kwa kanuni ya uwiano, litalipwa theluthi mbili ya hasara, yaani Sh6 milioni, na hapo bado hakijakatwa kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe.

Hapa ndipo kampuni za bima zinapostahili lawama. Wakala huja dukani, hupokea fedha, huacha karatasi yenye maandishi madogo, na mteja hulisikia neno “uwiano” kwa mara ya kwanza siku ya madai. Wakala anayeuza bima kwa mwenye duka anapaswa kumkalisha chini, amfanyie hesabu hiyo kwa mali yake mwenyewe, na amweleze ni kumbukumbu zipi zitatakiwa. Nchini Tanzania, asiyeridhika na majibu ya kampuni anaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hata huko, ataulizwa kwanza ile barua na ile orodha.