Friza, Mpemba na sentensi isiyoweza kukosea

Wiki mbili zilizopita mtoto wa dada yangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho wa sekondari kule Leicester, alinipigia simu usiku.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini saa hizi?"

Kulikuwa na mradi wa sayansi. Mwalimu wake alikuwa amemrudishia karatasi na kuandika pembeni kwamba nadhariatete yake haipimiki. Nadhariatete, kwa msiokutana na neno hili kila siku, ni lile dai ambalo mtafiti analiweka mezani kabla ya kukusanya data, ili data iliunge mkono au iliangushe. Dai lake lilisema: "Maji ya moto yanaweza kuganda haraka kuliko maji ya baridi, kutegemeana na hali."

Kilichomuuma si alama. Baba yake, shemeji yangu, amemlea na habari za Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania ambaye jina lake limo kwenye vitabu vya fizikia duniani kote. Mtoto aliona kama mwalimu amemkataa Mpemba mwenyewe.

Nikamwuliza swali moja: "Ni matokeo gani hasa, yakitoka kwenye friza, yatakufanya useme nimekosea?" Akafikiri. Maji ya moto yakitangulia kuganda, dai limesimama. Yakichelewa, atasema hali haikuwa ile inayotakiwa. Akirudia mara mia na yote yakachelewa, bado neno "yanaweza" linamlinda, kwa kuwa pengine mara ya mia na moja ndiyo. Mwisho akacheka: "Kumbe hakuna." Mwalimu alikuwa ameona hilo. Ile sentensi haikuwa ya uongo. Ilikuwa imejengwa kiasi kwamba uongo wake, kama upo, usingeweza kuonekana kamwe.

Hebu tumrudie Mpemba, maana kisa chake chenyewe kina somo zuri kuliko linalosimuliwa kwenye sherehe. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo. Siku moja mwenzake alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha na kuwahi nafasi. Mpemba, kwa kuogopa kukosa, akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado mazito tu.

Tazama hapo vizuri. Yale maziwa hayakutofautiana joto peke yake. Moja lilichemshwa, lingine halikuchemshwa kabisa, na kila moja lilikaa mahali pake ndani ya friza. Kwa hiyo tukio lile lilitosha kuzaa swali, halikutosha kulijibu. Mpemba aliendelea kuuliza hata baada ya kuchekwa darasani. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, kuhusu vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100. Swali hilo lilikuwa limeshanyooka kuliko la aiskrimu: kitu kimoja, kiasi kimoja, tofauti moja.

Osborne alipomwomba fundi wa maabara ajaribu, fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto yalitangulia kweli, ila wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mpwa wangu aliposikia hilo alicheka sana. Nikamwambia asicheke mno, kwa sababu yule fundi na karatasi yake ni ndugu wa damu. Fundi alikuwa na dai kwamba maji baridi lazima yatangulie, na matokeo yoyote ya kinyume aliyahesabu kuwa kosa la jaribio.

Tukaanza kurekebisha sentensi. Neno la kwanza lililotusumbua ni "kuganda". Unaweza kumaanisha muda ambao maji yanafika nyuzi sifuri, au muda ambao kipande cha kwanza cha barafu kinaonekana, au muda ambao kikombe chote kimekuwa jiwe. Hayo ni mambo matatu na yanaweza kutoa majibu matatu. La pili lina mtego wake: maji safi huweza kushuka chini ya sifuri yakiwa bado majimaji, halafu yakaganda ghafla. Vikombe viwili vilivyo sawa kabisa vinaweza kuachana muda kwa ajili hiyo tu. Mtu asipochagua mapema, atachagua baadaye ile maana iliyompa ushindi, na wala hatajua kwamba amedanganya. Yeye alichagua kufika nyuzi sifuri, kwa sababu kipimajoto kinaweza kulisoma bila ubishi.

Hata hicho kipimajoto kina mambo yake. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima maji ya moto na ya baridi hadi nyuzi sifuri na hawakupata ushahidi kwamba ya moto hutangulia. Waliona pia kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kwa sentimita moja hivi kunatosha kumfanya mtu adhani ameona maajabu ya Mpemba. Basi mtoto akakata vijiti viwili ili ncha za vipimajoto zikae kina kilekile.

Kisha "kutegemeana na hali". Hapo tulikaa muda mrefu zaidi, maana si kila kisingizio ni kibaya. Friza nyingi zina ule utando wa barafu sakafuni. Kikombe cha moto huuyeyusha na kukaa juu ya chuma chenyewe, kikapoa upesi, na cha baridi kinabaki juu ya utando unaozuia joto lisitoke. Mtu akisema "labda ni utando" anaweza kuwa anakimbia, na anaweza kuwa anasema jambo la maana. Utamjua kwa kumwuliza: kama ni utando, tutegemee kuona nini tukiuondoa? Mwenye hoja atajibu kwamba tofauti itapungua au itakwisha. Mwenye kukimbia hatakuwa na jibu.

Osborne alifanya hivyohivyo. Aliweka mililita 70 za maji kwenye bika za mililita 100, akazikalisha juu ya kipande cha lile povu gumu jeupe ili sakafu ya friza isiingilie, na bado akaona maji yaliyoanza na joto kubwa yakiwahi kuanza kuganda. Maelezo ya utando, kwa jaribio lake, yakawa yamejaribiwa na kushindwa. Alipomwaga mafuta kidogo juu ya maji, kuganda kulichelewa, akajua kwamba joto lilikuwa likitokea zaidi juu kuliko chini. Makala yake na Mpemba ilitoka mwaka 1969. Mtaona kwamba Osborne alipima kuanza kuganda, na wale wa 2016 walipima kufika sifuri. Ndiyo maana ubishi umedumu hivi: watu wanatumia neno moja kwa vipimo viwili.

Tulipomaliza, dai lilisomeka hivi: "Mililita 70 za maji ya bomba yaliyoanza nyuzi 70 zitafika nyuzi sifuri kabla ya mililita 70 za maji hayohayo yaliyoanza nyuzi 25, katika vikombe vya aina moja juu ya povu gumu, ndani ya friza ya nyumbani iliyo nyuzi 18 chini ya sifuri, angalau mara 9 katika jozi 10." Si sentensi ya kupendeza. Lakini sasa inaweza kuanguka.

Kwa nini 9? Aliniuliza hilo, na nilifurahi. Kama joto la mwanzo halina lolote na kila jozi ni kama kurusha sarafu, kupata 9 au 10 kwa bahati tu hutokea mara 11 katika 1,024, yaani karibu mara moja katika mia. Kupata 8 au zaidi hutokea mara 56 katika 1,024, ambayo ni zaidi ya mara tano katika mia, na mimi nisingeamini urahisi huo. Akaandika pia kabla ya kuanza: 9 au 10, data inaliunga mkono dai, 5 au pungufu, dai limekataliwa kwa friza hii na vikombe hivi, kati ya 6 na 8, hajui. Nafasi za kushoto na kulia zitabadilishana kila jozi, na friza itaachwa irudi kwenye baridi yake kabla ya jozi nyingine.

Hapo shemeji akaingia kwenye simu. Hakufurahi. "Yaani unamfundisha mtoto kumpinga Mpemba?" Nikamwambia, shemeji, lile dai la mwanzo lisingeweza kumpinga Mpemba wala kumuunga mkono. Na hata hili jipya, likianguka, linasema juu ya kufika nyuzi sifuri tu. La kuanza kuganda ni jaribio jingine, lenye dai lake. Yule kijana wa Magamba alisema jambo ambalo yeyote mwenye friza angeweza kulijaribu na kumwumbua. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunahitaji vikombe zaidi.

Karatasi ile wameibandika kwenye mlango wa friza, pamoja na tarehe, ili asiweze mtu kuibadilisha kimyakimya. Dada yangu analalamika kuwa samaki wake hawana pa kukaa. Jumamosi walifanya jozi tatu, na zote tatu kikombe cha nyuzi 25 kilitangulia kufika sifuri. Tisa haziwezekani tena. Kilichobaki ni kujua kama dai limeanguka au limebaki kwenye "sijui", na hilo ni lazima jozi saba zilizobaki ziseme.

Shemeji alisema labda ni kwa sababu friza ilikuwa imejaa. Mtoto akamwuliza: "Basi baba, tukiitoa samaki, unategemea tuone nini?" Wamepanga kuanza tena Jumamosi hii saa nne asubuhi.